Kikao cha kabla ya ujenzi: kuandaa ajenda na dokezo lake, kwa mfano wa skuli Micheweni

Wahandisi wapya na maofisa wa miradi huniuliza maswali yaleyale kila mkataba unaposainiwa. Kikao cha kwanza na mkandarasi anakiitisha nani? Ajenda ianze na nini? Dokezo liwe na kurasa ngapi? Na kwa nini kikao kilikuwa kizuri, watu wakala chakula wakapiga picha, halafu mwezi wa pili kila mtu akawa anasema "mimi sikuambiwa"?

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya majengo ya umma ya ukubwa wa kawaida Unguja na Pemba: skuli, vituo vya afya, ofisi za wilaya. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho: jengo la skuli la ghorofa moja, madarasa 8, katika Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mteja ni wizara, msimamizi ni kampuni ya washauri iliyopo Unguja, na mkandarasi ametoka Unguja pia. Barua ya kukubaliwa zabuni imemfikia mkandarasi tarehe 15 Julai 2026, na kikao kimepangwa Jumatano tarehe 5 Agosti.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Usifungue kompyuta kuandika ajenda mpaka hivi viwe mezani pako:

- Mkataba uliosainiwa, pamoja na masharti maalumu. Masharti ya jumla peke yake hayatoshi, kwa sababu masharti maalumu ndiyo yanayobadilisha siku na viwango.
- Orodha ya michoro, kila mchoro na namba yake na herufi ya toleo. Mara nyingi mkandarasi ana toleo A na msimamizi ana toleo C.
- Jedwali la kiasi cha kazi na bei.
- Ramani ya mipaka ya eneo na karatasi za umiliki wa ardhi.
- Nakala za vibali vilivyokwisha kutoka, na barua za maombi kwa vile ambavyo bado.
- Majina, vyeo, simu na anwani za barua pepe za watu watakaokuwa kazini kweli, si wakurugenzi peke yao.

Kwa kawaida anayeitisha kikao ni msimamizi wa mkataba, yaani Mhandisi au Meneja wa Mradi, kutegemea mkataba wako unamwitaje. Mteja anaalikwa kama upande wa mkataba, na yeye si mwenyekiti. Wizara ikitaka kuongoza kikao ikubalieni, ila mwandishi wa muhtasari abaki kuwa msimamizi.

Hatua ya 1: Toa tarehe kwenye mkataba

Chukua karatasi moja, andika kila siku ambayo mkataba unaitaja kuanzia barua ya kukubaliwa zabuni. Katika mfano wetu mkataba ni wa FIDIC, yaani masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, kitabu chekundu cha 1999, na masharti maalumu hayakugusa vifungu hivi. Hesabu inakuja hivi:

- Dhamana ya utendaji: ndani ya siku 28 tangu mkandarasi apokee barua (kifungu 4.2). Mwisho ni 12 Agosti.
- Tarehe ya kuanza kazi: ndani ya siku 42 tangu barua hiyo (kifungu 8.1). Mwisho ni 26 Agosti. Mhandisi atoe taarifa ya tarehe hiyo si chini ya siku 7 kabla.
- Ratiba ya kazi: siku 28 baada ya mkandarasi kupokea taarifa hiyo (kifungu 8.3).

Tuseme tunapanga kazi ianze Jumatano tarehe 19 Agosti, na taarifa itoke Jumatatu tarehe 10. Hapo utaona jambo ambalo wengi hawalioni: ratiba kamili ina haki ya kuletwa mpaka 7 Septemba, wakati kazi imeshaanza wiki mbili na nusu nyuma. Kwa hiyo usije kwenye kikao ukidai ratiba kamili kana kwamba mkandarasi amechelewa. Mwombe alete ratiba fupi ya siku 45 za mwanzo, na uiandike kwenye dokezo mapema ili aje nayo.

Tahadhari: mikataba mingi midogo ya serikali haitumii FIDIC. Siku zake ni nyingine na hata majina ya wahusika ni mengine. Usinakili tarehe kutoka mradi uliopita, wala kutoka hapa.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya vizuizi vya kuanza

Hii ndiyo kazi kubwa ya maandalizi, na ningekushauri uipe muda kuliko ajenda yenyewe. Orodha ya vizuizi inaeleza mambo ambayo yasipokamilika, kazi fulani haiwezi kuanza. Kila kimoja kina mtu mmoja anayekishughulikia na tarehe. Neno "mkandarasi na mteja" kwenye safu ya mhusika maana yake ni kwamba hakuna mhusika.

Vipo vizuizi vya karatasi: dhamana, bima, kibali cha ujenzi, cheti cha mazingira kutoka ZEMA kama mradi unakihitaji, taarifa kwa wanaosimamia usalama na afya kazini, usajili wa wafanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Kama jengo lingekuwa Mji Mkongwe ungeongeza kibali cha mamlaka ya uhifadhi ya huko. Vipo vya ardhi: mipaka, njia ya kuingilia gari, miti ya watu. Na vipo vya huduma: maji ya ZAWA ya kuchanganyia zege, umeme wa ZECO au jenereta.

Hivyo vinajulikana. Kinachosahaulika, na ambacho Pemba huvuruga ratiba kuliko kibali chochote, ni idhini ya zege. Tuifuate tarehe kwa tarehe.

Michoro inataka zege la daraja la C25, yaani nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba baada ya siku 28. Mkandarasi hawezi kumwaga zege la msingi mpaka mchanganyiko wake ujaribiwe na kukubaliwa, na mchanganyiko haujaribiwi mpaka mchanga na kokoto vijulikane vinatoka wapi. Mchanga wa pwani haukubaliki: kuuchota ni kosa, na chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Mchanga utoke kwenye shimo lenye kibali. Kokoto ya jiwe la chokaa la visiwani ina vinyweleo na hunywa maji, kwa hiyo mara nyingi kokoto ya zege la nguzo na mihimili huletwa kwa chombo kutoka bara. Hilo nalo ni la kuamuliwa mapema, kwa kuwa linagusa bei na bandari.

Sasa hesabu, kama kila kitu kinaanza baada ya kikao:

- 10 Agosti: msimamizi na mkandarasi wanachukua sampuli pamoja, wanafunga magunia na kuweka alama.
- 13 Agosti: sampuli zinafika maabara Unguja.
- 20 Agosti: matokeo ya mchanga na kokoto yanatoka.
- 21 Agosti: mchanganyiko wa majaribio unafanywa, vipande vya mchemraba vya milimita 150 vinamwagwa.
- 28 Agosti: vipande vya siku 7 vinavunjwa.
- 18 Septemba: vipande vya siku 28 vinavunjwa.
- 25 Septemba: msimamizi anatoa idhini, akiwa na siku 7 za kuangalia.

Mkandarasi wetu, kwenye karatasi aliyoileta na zabuni, anasema atamwaga misingi tarehe 1 Septemba. Pengo ni kama wiki tatu na nusu, na mwisho wa pengo hilo unagusa Oktoba, mvua za vuli zinapoanza kunyemelea mashimo yaliyo wazi. Bila orodha ya vizuizi, jambo hili lingegunduliwa mwezi mmoja baadaye, mafundi wakiwa wamekaa chini ya mwembe wanadai posho.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuchukua sampuli mara tu barua ya kukubaliwa inapotoka, bila kungoja kikao. Hiyo ndiyo bora, na kama unasoma mwongozo huu mapema, fanya hivyo. Ya pili ni kukubaliana kikaoni kwamba misingi peke yake imwagwe kwa matokeo ya siku 7, huku matokeo ya siku 28 yakisubiriwa kabla ya nguzo. Mchanganyiko wa majaribio hulengwa juu ya 25 ili kuachia nafasi ya kutofautiana kwa kazi ya saiti. Ukilenga 33, siku ya 7 tarajia kitu kama 21 hadi 23. Chini ya hapo usiruhusu. Na uangalie mfuko wa saruji: ile yenye alama ya 32.5 hukaza polepole kuliko ya 42.5, kwa hiyo matokeo ya siku 7 ya saruji moja hayatumiki kwa nyingine. Ukichagua njia hii, iandikwe wazi kwamba vipande vya siku 28 vikifeli, gharama ya kuvunja na kurudia misingi ni ya mkandarasi.

Uamuzi huo ni mzito kutolewa papo kwa papo kikaoni. Ndiyo maana unahitaji dokezo.

Hatua ya 3: Andika dokezo

Dokezo lisizidi kurasa mbili. Lipeleke siku 5 za kazi kabla ya kikao, kwa barua pepe na nakala ya karatasi kwa wale ambao barua pepe zao hufunguliwa na katibu. Liwe na sehemu nne tu: hali ilivyo leo, nani ni nani, maamuzi yanayotakiwa, na orodha ya vizuizi. Historia ya mradi na shukrani kwa wafadhili ziache. Kila anayelisoma ajue anatakiwa kuja na nini mkononi.

Hivi ndivyo dokezo la mfano wetu linavyosomeka:

> DOKEZO LA KIKAO CHA KABLA YA UJENZI
> Mradi: Jengo la madarasa 8, Micheweni, Pemba
> Kikao: Jumatano 5 Agosti 2026, saa 3:00 asubuhi, ukumbi wa skuli. Kutembelea eneo: saa 5:30.
>
> Hali ilivyo. Mkataba umesainiwa. Dhamana ya utendaji na bima hazijapokewa. Kibali cha ujenzi kimetoka. Upande wa mashariki wa eneo una mikarafuu 6 ya mwananchi, fidia haijalipwa.
>
> Nani ni nani. Angalia jedwali lililoambatanishwa. Tafadhali sahihisheni majina na simu kabla ya Jumatatu tarehe 3 Agosti.
>
> Maamuzi yanayotakiwa siku hiyo:
> 1. Tarehe ya kuanza kazi. Pendekezo: 19 Agosti.
> 2. Misingi kumwagwa kwa matokeo ya siku 7. Pendekezo la msimamizi: ikubalike kwa masharti yaliyo kwenye kiambatisho.
> 3. Eneo kukabidhiwa lote au kwa sehemu, kwa sababu ya mikarafuu.
> 4. Mipaka ya madaraka ya Mhandisi Mkaazi.
>
> Kila mmoja aje na nini. Mteja: barua ya fidia na tarehe yake ya malipo. Mkandarasi: ratiba ya siku 45, jina la mwakilishi wake na sifa zake, vyanzo vya mchanga, kokoto na nondo. Msimamizi: orodha ya michoro yenye matoleo, fomu za maombi ya idhini.

Ona kwamba maamuzi yana mapendekezo. Dokezo lenye maswali matupu huzaa mjadala wa saa mbili. Lenye pendekezo huzaa "ndiyo", "hapana", au "ndiyo, lakini".

Hatua ya 4: Panga ajenda kwa mfuatano unaofaa

Ajenda nyingi ninazoziona zinaanza na ratiba ya kazi, na watu wanabishana tarehe kabla hawajajua nani ana sauti ya kukubali tarehe. Anza na watu, kisha njia za mawasiliano, kisha idhini, na ratiba ije baadaye.

1. Dua, utambulisho na mahudhurio (dakika 10)
2. Majukumu na madaraka ya kila upande (dakika 25)
3. Njia za mawasiliano na maagizo (dakika 20)
4. Idhini: nini, nani, siku ngapi (dakika 25)
5. Vizuizi vya kuanza, kimoja kimoja (dakika 35)
6. Ratiba ya siku 45 (dakika 15)
7. Usalama, jamii na skuli inayoendelea kusoma (dakika 10)
8. Kusoma maamuzi kwa sauti (dakika 10)
9. Kwenda kuona eneo

Tahadhari chache za kwetu. Usiweke kikao Ijumaa. Kitakatwa katikati na hakitarudi. Ukiwa na wageni kutoka Unguja, panga saa kwa kuangalia boti au ndege ya siku hiyo na uacheni nafasi ya kuchelewa, hasa kipindi cha kusi bahari inapochafuka. Na kama wizara inataka Mkuu wa Wilaya aje kuweka jiwe la msingi, hiyo iwe shughuli yake na siku yake. Kikao cha kazi kikichanganywa na hafla, hotuba hula dakika zote za kipengele cha tano.

Hatua ya 5: Maliza suala la nani anamwagiza nani

Hapa kikao kinafaulu au kinaanguka. Kanuni ni moja: agizo linatoka kwa msimamizi kwenda kwa mwakilishi wa mkandarasi, kwa maandishi. Wengine wote, hata waziri akipita, wanatoa maoni. Lakini kanuni hii ikisomwa tu kikaoni kila mtu ataitikia kwa kichwa na kuisahau mlangoni. Ipitisheni kwenye kisa.

Kisa chetu: jengo linapanda, Mwalimu Mkuu anaona milango ya madarasa yenye upana wa milimita 900 ni myembamba kwa darasa lililojaa wanafunzi. Anamwita fundi: "Mwanangu, hebu tanueni hii iwe mita na robo hivi." Fundi ni kijana wa hapohapo, Mwalimu Mkuu amemsomesha. Atakataa vipi?

Kikaoni muulize kila mmoja, Mwalimu Mkuu akiwepo, jambo hili lipite wapi. Jibu mnalotakiwa kufikia ni hili. Mwalimu Mkuu anamwambia ofisa wa wizara aliyetajwa kwenye jedwali. Ofisa anamwandikia msimamizi. Msimamizi anaangalia: mlango wa 900 una lenta ya urefu wa 1,300, ikikaa milimita 200 juu ya ukuta kila upande, mlango wa 1,200 unataka lenta ya 1,600, nondo zihesabiwe upya, fremu na mbao zibadilike. Mkandarasi anatoa bei na siku. Mteja anakubali gharama. Ndipo msimamizi anatoa agizo la mabadiliko. Fundi yeye anajibu maneno matatu: "Mwalimu, mwambie ofisa." Akifundishwa jibu hilo siku ya kwanza, hatagombana na mkubwa wake.

Halafu amueni mambo manne na yaandikwe kwa majina:

*Mhandisi Mkaazi anaweza nini.* Anakagua nondo, anakubali au kukataa kazi, anasimamisha kazi ya hatari. Je, anaweza kutoa agizo linaloongeza fedha? Kwa kawaida hapana, au mpaka kiwango fulani. Barua ya kumkabidhi madaraka itolewe kwa pande zote mbili. Bila barua hiyo, saini yake inaweza kubishiwa.

*Agizo la mdomo.* Litatokea tu, hasa la usalama. Chini ya kifungu 3.3 cha FIDIC ya 1999, mkandarasi akilithibitisha kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi na msimamizi asipolikana kwa maandishi ndani ya siku nyingine 2 za kazi, linahesabika kuwa agizo la maandishi. Msimamizi anayepuuza barua fupi za mkandarasi anajifunga mwenyewe.

*WhatsApp.* Kundi litaanzishwa mkitaka msitake. Likubalini kwa picha, taarifa za gari la saruji na mvua. Andikeni kwamba ujumbe wa humo, wa sauti au wa maandishi, haubadilishi mchoro, bei wala tarehe mpaka uingizwe kwenye daftari la maagizo la saiti. Daftari liwe na kurasa tatu tatu zenye namba moja: ya msimamizi, ya mkandarasi, na inayobaki kitabuni.

*Jamii.* Sheha apewe jina moja la mtu wa mkandarasi wa kupokea malalamiko ya vumbi, gari kupita vichochoroni na vibarua. Pawe na kitabu cha malalamiko. Sheha asitumwe kutatua malipo ya vibarua. Hiyo si kazi yake, ingawa ndiye atakayegongewa mlango.

Hatua ya 6: Weka utaratibu wa idhini

Jedwali fupi linatosha. Kwa skuli yetu:

| Kitu | Anayewasilisha | Anayejibu | Muda wa jibu |
|---|---|---|---|
| Vyanzo vya mchanga na kokoto | Mkandarasi | Msimamizi | Siku 7 |
| Mchanganyiko wa zege | Mkandarasi | Msimamizi | Siku 7 baada ya matokeo |
| Cheti cha nondo na sampuli za kuvuta | Mkandarasi | Msimamizi | Siku 7 |
| Ukaguzi kabla ya kumwaga zege | Mkandarasi | Mhandisi Mkaazi | Ombi saa 24 kabla |
| Mkandarasi mdogo wa umeme | Mkandarasi | Msimamizi | Siku 14 |

Siku hizi ni za makubaliano ya mfano. Kama mkataba umetaja nyingine, ni hizo. Kila ombi liwe na namba, na jibu liwe moja kati ya matatu: imekubaliwa, imekubaliwa kwa masharti, imerudishwa. Neno "tumeona" lipigwe marufuku, maana kila upande hulitafsiri kwa faida yake.

Ulizeni pia kimya kina maana gani. Watu hudhani kote ni sawa, na si kweli. Kwenye ratiba ya kazi ya FIDIC ya 1999, msimamizi asipotoa taarifa ndani ya siku 21, mkandarasi anaendelea nayo. Kwenye mchanganyiko wa zege wa mradi wetu, kimya si ruhusa. Yaandikeni yote mawili pembeni ya jedwali. Na ongezeni sentensi kwamba idhini ya msimamizi haimwondolei mkandarasi wajibu wake. Siku zege likipasuka utaihitaji.

Hatua ya 7: Funga kikao na utoe muhtasari

Kabla ya watu kwenda kuona eneo, mwandishi asome kila uamuzi kwa sauti: nini, nani, lini. Hapo ndipo mtu husema "hapana, mimi sikusema tarehe 10". Afadhali aseme akiwa bado amekaa.

Muhtasari utoke ndani ya siku 3, marekebisho yapokewe ndani ya siku 5, kisha usainiwe. Ambatanisha orodha ya vizuizi iliyosasishwa, na orodha hiyo ndiyo iwe kipengele cha kwanza cha kikao cha saiti kinachofuata. Muhtasari haubadilishi mkataba. Mkikubaliana jambo linalougusa mkataba, kama vile kukabidhi eneo kwa sehemu, liandikiwe barua yake.

Mambo yakikwama

*Dhamana haijaja na tarehe 12 imepita.* Usitoe eneo kwa huruma. Msimamizi aandike barua ya kukumbusha siku hiyohiyo, na mteja aambiwe asilipe malipo ya awali. Ukitaka kujua kama tatizo ni la benki au mkandarasi hana uwezo, muombe nakala ya barua aliyoipeleka benki na tarehe ya kupokelewa. Asiyekuwa nayo hajaomba.

*Mikarafuu bado ina mwenyewe.* Mkandarasi asiguse hata tawi. Kabidhini upande wa magharibi kwa maandishi yanayoonyesha mpaka kwenye ramani, na mteja aandike tarehe ya upande uliobaki. Mteja ajue gharama yake: eneo likichelewa kinyume na mkataba, mkandarasi ana haki ya kudai muda na fedha, ilimradi atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua. Kama mpangilio wa jengo unaruhusu, anzeni na madarasa manne ya magharibi na mpange upya ratiba ya siku 45 siku hiyohiyo.

*Aliyekuja kikaoni hana madaraka.* Inajulikana mapema: kila swali anajibu "nitalifikisha". Endeleeni na vipengele 2 mpaka 4 ambavyo ni vya kueleza, na maamuzi manne ya dokezo yapelekwe kwa barua kwa mwenye saini, jibu ndani ya siku 5. Usiahirishe kikao kizima kwa ajili yake.

*Matokeo ya siku 7 yako chini ya 21.* Kwanza uliza maabara maji yaliongezwa kiasi gani na kama kokoto ilikuwa kavu; kokoto yenye vinyweleo hudanganya kipimo cha maji. Kisha linganisha alama ya saruji iliyopelekwa na iliyoko stoo. Kama vyote viko sawa, mchanganyiko urudiwe na saruji zaidi au maji kidogo, na misingi isubiri. Uchimbaji na ufungaji nondo unaweza kuendelea, lakini acheni sentimita chache za mwisho za mashimo bila kuchimbwa, ili mvua ikija isilainishe udongo ambao msingi utakalia.

*Mtu wa ofisi kubwa amepiga simu kwa fundi.* Mwakilishi wa mkandarasi aandike karatasi ya uthibitisho kwa msimamizi jioni hiyohiyo: saa, jina, alichosema, na kwamba kazi haijabadilishwa. Msimamizi amjibu ofisa huyo kwa heshima kupitia jina lililo kwenye jedwali. Ikitokea mara ya pili, peleka nakala ya ukurasa wa muhtasari wenye saini ya wizara yake.